Tiketi na Haki Zake Zote

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno saba, na Ephrasia aliiandika asubuhi moja ya Julai kabla hajanywa chai.

Alikuwa ofisa usajili wa Jumuiya ya Wakulima wa Kahawa ya Ziwa Magharibi, ofisi ya vyumba viwili pale Bukoba mjini, juu ya duka la pembejeo. Kila mwaka jumuiya hiyo huandaa kongamano la siku mbili, na kila mwaka, usajili ukishafunguliwa tu, simu ya ofisi haipumziki. Huyu ameandikwa Rwekiza badala ya Rwekaza. Yule amelipa kwa simu, anao ujumbe wa muamala, lakini mhasibu wa chama chake cha msingi anataka risiti yenye namba. Mwingine alichagua kikao cha ukaushaji, sasa anataka cha masoko. Katibu wa jumuiya, Bwana Evarist, alichoka kusikia mlio wa simu ile ukipenya ukuta wa chumba chake.

"Tuwawekee ukurasa wa maswali na majibu kwenye tovuti," alisema. "Wajisomee wenyewe, na wewe upate nafasi ya kufanya kazi."

Ephrasia akauandika kwa siku mbili. Maswali yalifika kumi na manne. Alieleza jinsi ya kusahihisha jina, na kwamba kikao kinaweza kubadilishwa hadi siku tatu kabla. Alieleza kwamba ujumbe wa muamala si risiti, na kwamba risiti hutolewa kwa jina la aliyelipa. Swali la saba lilihusu mahitaji maalumu: mwenye kiti cha magurudumu, asiyeona, asiyesikia, ajaze sehemu ya mahitaji kwenye fomu wiki mbili kabla, apangiwe usafiri, chumba cha chini na kikao kisicho cha ghorofani, na msaidizi wake ataingia bila kulipa. Swali la tisa liliuliza kama mtu anaweza kumpa mwenzake tiketi yake. Akajibu kuwa inawezekana, hadi siku tano kabla. Mwenye tiketi ajaze fomu ya uhamisho kwa namba ya simu aliyojisajilia. Tiketi ya kwanza itafutwa, mpokeaji atatumiwa mpya. Hapo akaona jibu limekauka mno, kama tangazo la mahakama. Akaongeza: "Tiketi huhamishwa pamoja na haki zake zote."

Alikuwa na maana ya chakula, begi la kongamano, malazi na cheti. Aliisoma mara moja, ikamfurahisha, akaenda kunywa chai.

Bwana Evarist aliusifu ukurasa ule mbele ya wajumbe. Simu zilipungua kweli.

Miongoni mwa waliousoma alikuwa mwanamke aitwaye Klaudia, wa Kishanda, wilaya ya Muleba. Mumewe, Gozbert, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wenye ulemavu, watu kumi na wanane wenye vibanja vyao vya migomba na kahawa. Gozbert alivunjika uti wa mgongo kwenye ajali ya pikipiki, na tangu hapo anatembelea kiti cha magurudumu. Alijisajili mapema, akajaza mahitaji yake yote, na jumuiya ikampangia kila kitu: gari la kumchukua stendi ya Muleba saa kumi na mbili asubuhi, chumba cha chini hotelini, na msaidizi mmoja. Alichagua kikao cha siku ya kwanza saa nne, kile cha kuchagua wajumbe wa kamati ya miche. Kamati hiyo ndiyo huamua vikundi gani vitapewa miche mipya ya kahawa na wapi vitalu vitajengwa, na kikundi cha Kishanda kilikuwa kimeomba kwa miaka minne bila kujibiwa. Kwa sababu ya kiti cha Gozbert, kikao hicho kilipangwa ukumbi mdogo wa chini. Hayo yote Ephrasia aliyaingiza kwenye mfumo kwa mkono wake, na aliyaingiza vizuri.

Siku kumi na moja kabla ya kongamano, Gozbert akalazwa. Kidonda cha kukalia kilikuwa kimechimba hadi karibu na mfupa, na daktari akasema huyu haendi popote. Kikundi kikakaa, kikamteua Vestina, mwekahazina wao, aende kugombea kamati ile badala yake. Vestina alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, miguu yake ilikufa kwa polio akiwa mtoto, na yeye naye alitembelea kiti cha magurudumu.

Klaudia akachukua simu ya mumewe pale wodini, akasoma swali la tisa mara mbili, akajaza fomu ya uhamisho. Tiketi ya Gozbert ikafutika. Vestina akapata ujumbe wenye namba ya tiketi mpya, na chini yake kiungo cha kubofya ili "kukamilisha taarifa zako". Simu ya Vestina ilikuwa kitochi cha vitufe. Kiungo hakikufunguka. Hakujali sana, kwa kuwa Klaudia alikuwa amemsomea sentensi ile: pamoja na haki zake zote. Hata hivyo Vestina hakuwa mtu wa kubahatisha, na siku hiyohiyo akatuma ujumbe kwenye namba ya ofisi.

Ephrasia aliupokea ujumbe huo siku aliyopokea jumbe nyingine hamsini na tatu. Alijibu kama alivyowajibu wengi, kwa kunakili jibu kutoka ukurasani na kulituma, na akaendelea na mwingine.

Siku saba kabla ya kongamano alichapa orodha ya mahitaji maalumu, akaipeleka hotelini. Mfumo hautoi orodha kwa tiketi, huitoa kwa mtu. Tiketi ikihama, mtu wa kwanza anafutwa na yote aliyoyaandika, na mtu wa pili anaanza na fomu tupu hadi aijaze mwenyewe. Ndivyo ilivyo haki, maana mahitaji ya mtu ni siri yake na si ya kurithiwa na mwingine kama koti. Lakini ukurasa haukusema hivyo popote. Orodha ilitoka na majina manne, wala hapakuwa na mtu wa Kishanda. Meneja wa hoteli akapitisha kidole kwenye karatasi, akauliza, "Kikao cha saa nne hakina mtu wa kiti?" Ephrasia akatazama orodha yake, akasema hakina. Meneja akashukuru, kwa kuwa kulikuwa na watu wa benki waliotaka ukumbi mdogo wa chini. Kikao cha kamati ya miche kikapelekwa ghorofani. Gari la Muleba likapangiwa njia nyingine.

*

Siku yenyewe mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Ephrasia alikuwa mezani kwake, chini ya ngazi za hoteli, akigawa vitambulisho vya shingoni. Saa nne na nusu watu walikuwa wamepanda wote, na alikuwa akikusanya karatasi zake aliposikia sauti ya magurudumu kwenye vigae.

Mwanamke aliyekuwa kwenye kiti alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu na mtandio uliotota. Aliyemsukuma alikuwa mwanamke mdogo kwake, miguu imejaa tope hadi magotini.

"Waitu, tumechelewa," alisema yule wa kwenye kiti, kwa lile neno la heshima la Kihaya. "Mimi ni Vestina wa Kishanda. Huyu ni mdogo wangu, Kokushubila, msaidizi wangu."

Ephrasia akaskani tiketi. Ikakubali. Akatafuta jina la msaidizi, hakuliona.

"Gari lenu halikuja," Kokushubila alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza. "Tulikaa stendi ya Muleba toka saa kumi na moja na nusu. Tukapiga namba ya ofisini, haipokelewi."

Simu yenye namba hiyo ilikuwa ofisini, imefungiwa, na wafanyakazi wote walikuwa hotelini.

"Tukapanda basi," Vestina alisema. "Kiti kikafungwa juu kwenye keria. Konda akanibeba mgongoni. Sasa ukumbi wa chini ni upi? Kile kikao cha kuchagua kamati, nimekuja kugombea."

Ephrasia akafungua mfumo kwenye kompyuta, akatafuta jina. Vestina, Kishanda, tiketi ya uhamisho. Sehemu ya mahitaji: tupu. Msaidizi: tupu. Usafiri: tupu. Akapandisha macho kwenye ngazi. Zilikuwa ngazi pana za vigae vyeupe, zinakwenda juu, zinakunja kona, zinaendelea. Hoteli haikuwa na lifti.

"Mama," alisema, "hukujaza fomu ya mahitaji?"

"Fomu ipi?"

"Ile iliyokuja na tiketi. Kwenye kiungo."

Vestina akafungua mfuko wake wa plastiki. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya mapaja yake, akaipapasa kwa kiganja ili inyooke. Ulikuwa ule ukurasa. Klaudia alikuwa ameuchapisha kwenye duka la fotokopi la Muleba. Kwenye swali la tisa palikuwa na mstari wa kalamu nyekundu chini ya sentensi ya maneno saba.

"Imeandikwa hapa," alisema Vestina, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuona vizuri.

Ephrasia akaisoma. Kisha akasema, "Kikao kimehamishiwa juu."

Watu wawili wa hoteli wakaja, vijana wenye nguvu, wakasema watambeba mama na kiti chake, dakika moja tu. Vestina akawashukuru. Akasema hapana. Konda alikuwa amekwisha kumbeba asubuhi mbele ya stendi nzima, akimshika pasiposhikwa, na abiria wakicheka kwa sababu ambazo hata wao hawakuzijua. Kwa siku moja, kubebwa mara moja kulitosha.

"Basi nikawaite washuke," Ephrasia alisema. "Nitamwomba katibu wahamie chini."

"Nenda, mwanangu."

Akapanda mbio. Ukumbini palikuwa na watu zaidi ya mia, na Bwana Evarist alikuwa mbele na kipaza sauti, akisoma majina ya wagombea. Ephrasia akapita pembeni, akamnong'oneza. Katibu akasikiliza huku akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Chini wamekaa watu wa benki," alisema. "Nihamishe watu mia kwenda wapi, uani? Abebwe."

"Amekataa kubebwa."

"Basi aandike jina la anayempigia kura, ulilete."

"Hakuja kupiga kura tu, Bwana Evarist. Amekuja kugombea. Lazima ajieleze."

"Ephrasia, kuna mgeni wa wafadhili amekaa pale. Tusilifanye jambo." Akarudi kwenye kipaza sauti.

Alisimama pale kando ya pazia kwa muda ambao baadaye hakuweza kuupima. Angeweza kuchukua kipaza sauti. Alilifikiria hilo waziwazi, akauona mkono wake ukienda. Mkono haukwenda. Akageuka, akatoka kwenda ngazini, na hapo ndipo alipomwona Vestina.

Alikuwa ametoka kwenye kiti. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, mgongo umeelekea juu, na alikuwa anapanda kinyumenyume. Alikuwa akikita viganja kwenye ngazi ya juu yake, anajiinua, anaketi, kisha anaivuta miguu kwa kushika kitambaa cha gauni. Halafu nyingine. Kokushubila alikuwa ngazi mbili chini, mikono imetangulia mbele, hamgusi. Vigae vilikuwa na tope la viatu vya watu wote waliopita asubuhi ile, na gauni la bluu lilikuwa linalifuta.

Ephrasia akashuka, akaketi kwenye ngazi iliyokuwa juu ya Vestina.

"Zimebaki ngapi?" Vestina akamuuliza. Alikuwa anahema.

"Kumi na tatu."

"Nimepanda tisa."

"Mama, naomba uache."

"Wanachagua saa hii?"

"Wanasoma majina."

Vestina akakita viganja, akajiinua. Kumi. Akapumzika. Kumi na moja. Ngazi ya kumi na moja ilikuwa na maji ya mwavuli wa mtu, kiganja kikateleza, kiwiko kikagonga kigae kwa sauti ambayo Ephrasia aliisikia ndani ya meno yake. Hakulia. Alifunga macho tu, akasema neno moja la Kihaya kwa mdogo wake, na mdogo wake akajibu "mpola, waitu, mpola", polepole, polepole, akiwa analia yeye.

Makofi yakasikika juu. Kisha viti vikaburuzwa, mlango ukafunguka, na watu wakaanza kuteremka kwenda kunywa chai.

Walikuwa watu wema, na Ephrasia aliwajua wengi kwa majina. Hawakumkanyaga. Waliona, wakajibana upande wa ukuta, wakapita mmoja mmoja, wameshika sahani za karatasi na begi la kongamano. Baadhi walisema "pole, mama". Mzee mmoja alivua kofia. Mgeni wa wafadhili alipita akitazama simu yake kwa bidii kubwa. Walipita zaidi ya mia. Vestina alikaa katikati ya ngazi, gauni limevutwa chini lifunike miguu, akitazama mbele kama mtu aliyekaa kanisani.

Wa mwisho alikuwa Bwana Evarist. Alisimama, akakunja mikono tumboni.

"Pole sana, mama. Tutalishughulikia."

"Kamati imepatikana?" Vestina akauliza.

"Imepatikana."

"Kishanda yupo mtu?"

Katibu akamtazama Ephrasia, kana kwamba ndiye mwenye jibu hilo. "Mwaka huu hapana."

Vestina akaitikia kwa kichwa. Akamwambia Kokushubila amgeuze, kwa kuwa kushuka ni kwa namna nyingine. Alishuka ngazi zote kumi na moja mwenyewe. Chini, akakaa kwenye kiti chake, akafuta viganja kwa mtandio. Ephrasia alimwomba abaki. Alisema chumba kitatafutwa, kesho kuna vikao vingine, atampeleka nyumbani kwake Nshambya kama ni lazima.

"Nyumba yako ina ngazi?" Vestina akauliza.

Ilikuwa na ngazi nne. Vestina hakungoja jibu, akamwashiria Kokushubila asukume kiti.

*

Jumatatu Bwana Evarist alimwita. Taarifa ya kongamano ilikuwa mezani, kurasa kumi na mbili, na kwenye ukurasa wa tisa, chini ya changamoto, palikuwa na sentensi moja: "Mshiriki mmoja hakujaza fomu ya mahitaji maalumu kwa wakati, hivyo hakuweza kuhudhuria kikao alichokusudia."

"Si ndivyo?" katibu akauliza. "Mfumo unaonyesha alijaza?"

"Hakujaza. Lakini ukurasa ulimwambia—"

"Ukurasa haukumwambia asijaze. Swali la saba liko wazi. Wiki mbili kabla."

"Tiketi ilihamishwa siku kumi kabla. Tunaruhusu kuhamisha hadi siku tano, na mahitaji tunafunga siku kumi na nne. Hata angejaza, angekuwa amechelewa. Tulifungua mlango mmoja, mwingine tukaufunga."

Bwana Evarist hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu mwenye mfadhili na mkataba unaokwisha Desemba. "Alituuliza?" akasema. "Kama alituuliza tukamjibu vibaya, hilo ni jingine. Alituuliza?"

"Sijui," Ephrasia alisema, na wakati ule ilikuwa kweli.

"Basi weka sahihi, ofisa usajili. Halafu urekebishe hiyo sentensi ya swali la tisa."

Akaweka sahihi. Kisha akaketi mbele ya kompyuta, akafuta maneno saba, akaandika mengine: kwamba mahitaji maalumu hayahami na tiketi, kwamba mpokeaji ajaze ya kwake au apige simu asomewe fomu, kwamba ofisi itampigia kila aliyepokea tiketi. Na fomu ya mahitaji akaiacha wazi hadi siku ileile ya mwisho ya uhamisho. Yalikuwa majibu mazuri. Alipobonyeza kuhifadhi, ukurasa ukabadilika, na hapakubaki alama yoyote kwamba uliwahi kusema kitu kingine. Mtu akiusoma leo atadhani Vestina hajui kusoma.

Ndipo akachukua simu ya ofisi na kuanza kurudi nyuma, ujumbe baada ya ujumbe, hadi siku kumi kabla ya kongamano. Aliupata baada ya saa tisa alasiri.

"Habari za kazi. Mimi Vestina wa Kishanda nimepewa nafasi ya Gozbert. Yeye alipewa gari na ukumbi wa chini. Mimi pia situmii miguu. Je vinakuja kwangu au niombe upya? Kama ni kuomba upya nielekezeni, simu yangu haifungui mtandao. Asanteni."

Chini yake lilikuwa jibu lake mwenyewe, lililotumwa dakika moja baadaye. Tiketi huhamishwa pamoja na haki zake zote.

Alimwonyesha Bwana Evarist. Katibu alisoma, akamrudishia simu polepole. "Taarifa imekwenda asubuhi," alisema. Kisha akaongeza, "Hao watu wa Kishanda wana mwanasheria?"

"Hawana."

"Basi tuache."

*

Jumamosi alipanda basi hadi Muleba, na kutoka hapo bodaboda hadi Kishanda. Hakumwambia mtu. Nyumba ya Vestina ilikuwa ndani ya kibanja, migomba imeinamiana juu ya njia, na njia yenyewe ilikuwa imesawazishwa na kushindiliwa kokoto toka barabarani hadi mlangoni, pana kiasi cha kiti. Mlango haukuwa na kizingiti.

Vestina alikuwa barazani akichambua kahawa kwenye ungo. Kiwiko chake kilikuwa bado kimevimba. Alimkaribisha kwa heshima zote za mgeni, akamletea kijikapu cha kahawa ya kutafuna, akauliza habari za nyumbani na za kanisani. Ephrasia alitia punje mdomoni, zikakaa pale.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. Akatoa simu, akamsomea ujumbe wake na jibu lake. Akamweleza taarifa ilivyoandikwa, na kwamba sahihi ni yake.

Vestina aliendelea kuchambua. Punje mbovu alizitupa uani, kuku wakazikimbilia na kuziacha.

"Nikuulize," alisema. "Ulipoandika haki zake zote, ulikuwa unamfikiria nani?"

Ephrasia alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hili hakuwa amejiandaa nalo. "Sikumfikiria mtu," alisema.

"Ndiyo. Hata mimi nilidhani hivyo." Alitikisa ungo. "Sikukulaumu kwa gari. Magari hayaji. Wala ngazi, maana hukuzijenga wewe. Ila mimi niliuliza, mwanangu. Maisha yangu yote watu wananiambia, Vestina, ungeuliza tu. Ungesema mapema. Safari hii nilisema mapema."

"Ninaweza kuiandikia bodi. Nieleze yote. Hata wakinifukuza."

"Ukifukuzwa, miche itakuja?"

"Hapana."

"Gozbert anauliza kila siku nani kachaguliwa," Vestina alisema. "Klaudia anamwambia wamesogeza uchaguzi. Kidonda chake hakiendi vizuri. Sitaki ajue, basi na wewe usiandike barua itakayosomwa huku." Aliweka ungo chini. "Kikundi nimewaambia watafute mwekahazina mwingine. Mikutano ya Bukoba mimi nimemaliza."

"Mwakani tutakuwekea nafasi. Kila kitu kitakuwa chini, nitasimamia mwenyewe. Nitakupigia simu mimi."

"Najua utapiga. Unaonekana mtu mzuri." Aliyasema hayo bila ukali wowote, na Ephrasia angelipenda kupigwa kofi kuliko kuyasikia. "Sitaipokea."

Kokushubila alitoka jikoni na ndizi zilizopikwa na maharage. Wakala watatu, wakazungumza juu ya mnyauko wa migomba na bei ya kahawa ya maganda. Jua lilipoanza kuinama Vestina alimsindikiza mgeni wake kwa kiti chake juu ya njia ya kokoto hadi barabarani, kama desturi inavyotaka, akamwambia asalimie kwao.

Barua kwa bodi Ephrasia hakuiandika. Oktoba, Gozbert alifariki, na taarifa ikaja kwenye simu ya ofisi kutoka kwa Klaudia, pamoja na ombi dogo: risiti ya kongamano bado ilikuwa kwa jina la marehemu, na kikundi kiliihitaji kwa hesabu zao, je, ofisi ingeweza kuitoa upya kwa jina la kikundi? Kwa mujibu wa ukurasa, swali la kumi na moja, risiti haibadilishwi jina baada ya kutolewa. Ephrasia alipiga simu badala ya kunakili jibu. Klaudia alipokea. Ephrasia akasema pole, akamweleza kuwa risiti ile haiwezi kubadilishwa, ila atamwandikia barua yenye muhuri ya kuthibitisha kwamba malipo yalikuwa ya kikundi, na mkaguzi ataipokea.

"Asante," Klaudia alisema. "Barua itatosha."

Akaichapa siku hiyohiyo, akaigonga muhuri, akaipeleka mwenyewe stendi kumkabidhi dereva wa basi la Muleba. Basi lilipoondoka alibaki amesimama kwenye tope la stendi, mikono mitupu, na hakukuwa na kitu kingine cha kurekebisha.